YAH: KODI YA JULAI HADI SEPTEMBA 2025 ILIKWISHA KULIPWA

Kitangiri, Mwanza
2 Septemba 2025

Kwa Baba Kulwa, mwenye nyumba.

Shikamoo mzee wangu.

Jumamosi ulipokuja ulisema mbele ya wapangaji wenzangu kwamba sijalipa kodi ya miezi mitatu, na kwamba nihame mwisho wa mwezi huu. Sikutaka kubishana nawe uani watu wakitazama, ndiyo maana naandika. Kodi hiyo nimeilipa yote, na ushahidi ninao.

Ni shilingi 120,000 kwa mwezi, jumla 360,000. Nilituma kwa M-Pesa mara mbili: 260,000 tarehe 3 Julai, na 100,000 iliyobaki tarehe 5, nilipomaliza kuuza dagaa pale Mwaloni. Mara zote mbili jina lako lilitokea kabla sijaweka namba ya siri, jina lile lile lililo kwenye mkataba. Namba ni ile niliyolipia kodi ya Januari na ya Aprili, na hizo hukuzikana. Jioni ya tarehe 5 ulinijibu: "Nimeiona mama, Mungu akuzidishie." Meseji hiyo sijaifuta.

Nimeambatanisha nakala za meseji za miamala yote miwili, pamoja na taarifa ya miamala ya Julai niliyoichukua kwenye duka la mtandao wenyewe, ina mhuri. Hiyo ya mhuri ndiyo naomba uisome taratibu, maana meseji ya simu mtu anaweza kusema imetungwa. Inaonyesha saa, kiasi, namba ya muamala na namba iliyopokea. Hakuna muamala uliorudishwa.

Sikuiti mwongo, mzee. Najua ukivuka kwenda Ukerewe simu unawaachia vijana. Tena laini ikiwa na deni la mkopo wa simu, hela ikiingia hukatwa kabla mwenyewe hajaiona. Chukua taarifa ya laini yako ya tarehe 3 hadi 5 Julai tuilinganishe na yangu. Lakini yaliyotokea baada ya hela kukufikia hayawezi kuwa deni langu, na sitalipa mara mbili.

Naomba uniandikie risiti ya shilingi 360,000, na uondoe agizo la kuhama. Mwanangu yuko darasa la saba, mtihani ni mwezi huu huu, na tangu Jumamosi kitabu hakishikiki.

Mwenyekiti wa mtaa amekubali tukae ofisini kwake Jumamosi tarehe 6, saa 4 asubuhi. Njoo na simu yako, nami nitakuja na yangu. Tusipoelewana hapo, nitapeleka shauri Baraza la Kata. Kodi ya Oktoba nitalipa kwa wakati kama kawaida, ila nitaomba risiti siku hiyo hiyo.

Mpangaji wako,
Mama Neema, vyumba viwili vya uani

Nakala: Mwenyekiti wa Mtaa