Mvua Ikikosekana, Tumwendee Nani?

Mwezi wa pili nilikwenda Mvumi, Dodoma, kumsaidia babu palizi ya uwele. Jioni, tumekaa nje, nikamweleza nilichokuwa nafundisha kidato cha sita: kwamba kuna wataalamu wanaofikiria kupeleka ndege juu sana angani zikamwage chembechembe za salfa, ili mwanga kidogo wa jua urudishwe kabla haujatufikia na dunia ipoe. Babu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mvua ikigoma, mjukuu wangu, tunamwendea nani?"

Wasiotoka Ugogo wanaweza kulichukulia swali hilo kama utani wa mzee. Kwetu zamani mtemi ndiye aliyeshika mawe ya mvua. Kama mawe yale yalileta mvua au hayakuleta, sitaki kubishana na mtu. Ninachokitaka ni kile kilichofuata: mvua ilipokosekana, watu walijua mlango wa kubisha. Mtemi alikuwa na jina, alikuwa na boma, na lawama ilimfikia akiwa hapo hapo. Nimeamua kulitumia swali la babu kupimia mapendekezo mawili makubwa yanayozungumzwa siku hizi kuhusu tabianchi, maana kipimo cha kawaida, yaani kuuliza tu kama mtambo unafanya kazi, kinaficha mengi.

Pendekezo la kwanza ni kunasa hewa ukaa na kuizika ardhini. Moshi wa mtambo unapitishwa kwenye kimiminika cha kemikali kinachoshika hewa ukaa, kimiminika kinapashwa moto ili kiiachie, kisha gesi inagandamizwa na kusukumwa kwenye mwamba wenye vinyweleo, kina cha mita 800 au zaidi, chini ya mwamba mwingine usiopitisha kitu. Hakuna uchawi hapo. Wanorwei wanaizika hivyo tangu 1996, wakiitoa kwenye gesi asilia wanayochimba, kwenye eneo la gesi la Sleipner, chini ya Bahari ya Kaskazini, kwa kiasi kinachokaribia tani milioni moja kwa mwaka katika miaka mingi. Hawakuanza kwa huruma. Mwaka 1991 serikali yao iliweka kodi ya hewa ukaa, na kuizika kukawa nafuu kuliko kuiachia na kulipa.

Huo ndio mfano mzuri, na watetezi hupenda kuanza na kuishia hapo. Kule Mississippi, Marekani, mtambo wa Kemper ulitakiwa kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi na kunasa hewa ukaa yake. Gharama ilipanda hadi takriban dola bilioni 7.5, na mwaka 2017 sehemu ya makaa ikaachwa, ukabaki mtambo wa kuchoma gesi ya kawaida. Petra Nova, Texas, ulianza 2017, ukafungwa 2020 bei ya mafuta ilipoanguka, ukafunguliwa tena 2023. Kwa nini bei ya mafuta ifunge mtambo wa kusafisha moshi? Kwa sababu hewa ukaa iliyonaswa ilikuwa inasukumwa kwenye visima vikuukuu ili mafuta yaliyobaki yatoke. Boundary Dam, kule Kanada, ulioanza 2014, nao umeuza sehemu kubwa ya gesi yake kwa kazi hiyo hiyo. Hapa ndipo ninapopata ukakasi: unazika gesi ili uchimbe mafuta, ambayo yatachomwa na kutoa gesi. Mradi wa Gorgon huko Australia haukuwa na dhambi hiyo, lakini tangu uanze kuzika mwaka 2019 umeshindwa kufikia kiwango ulichoahidi, kwa matatizo ya mchanga na maji kwenye mwamba wenyewe. Ardhi haisomi mkataba.

Juu ya hayo kuna nishati. Mtambo wa umeme unaojinasia hewa ukaa hula sehemu ya umeme wake wenyewe, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 30. Wizara ya nishati ya nchi yoyote ambayo bado inasambaza umeme vijijini itabidi ijiulize kama ina umeme wa kugawa namna hiyo.

Kunasa kutoka hewani moja kwa moja, bila bomba la moshi, ni kugumu zaidi, kwa sababu hewa ukaa ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa tunayovuta. Ni kama kuokota punje za ulezi zilizomwagika kwenye gunia la mchanga. Kiwanda cha Orca, Iceland, kilichofunguliwa 2021, kimejengwa kunasa tani 4,000 kwa mwaka. Dunia inatoa takriban tani bilioni 37 kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi, makaa na saruji. Wanafunzi wangu walipiga hesabu ubaoni: kazi ya mwaka mzima ya Orca ni moshi wa dunia wa sekunde tatu na kidogo. Darasa likacheka, nami nikacheka, ingawa lazima niwe mkweli kwamba mitambo ya jua nayo ilianza kwa kuchekwa. Kinachonizuia kusubiri kwa matumaini yale yale ni gharama. Mamia ya dola kwa tani, wakati mwingine zaidi ya elfu. Ukichukua dola 500, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, pesa inayokaribia bei ya ng'ombe mnadani Msalato, kwa tani moja. Na tani hiyo, tofauti na ng'ombe, hakuna anayeitaka. Ni lazima serikali iilipie, au sheria imlazimishe aliyeichafua.

Je, gesi iliyozikwa inaweza kutoroka? Watu wengi hutaja Ziwa Nyos, Kameruni, ambako mwaka 1986 hewa ukaa ya volkeno ilipasuka kutoka ziwani usiku na kuua watu wapatao 1,700. Mfano huo unatisha kuliko unavyofundisha, kwa sababu gesi ya Nyos ilikuwa imeyeyuka kwenye maji ya ziwa, haikuwa ndani ya mwamba uliofunikwa. Zaidi ya hayo, huko Iceland gesi huyeyushwa kwenye maji na kuingizwa kwenye miamba ya basalti. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba sehemu kubwa iligeuka jiwe kabla miaka miwili haijaisha. Jiwe halitoroki. Bomba ndilo ninaloliogopa. Mwaka 2020 bomba la hewa ukaa lilipasuka karibu na Satartia, Mississippi. Wingu likatambaa chini kwa chini kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, injini za magari zikazimika, na watu 45 wakapelekwa hospitali. Sisi tunaijua gesi hii kuliko tunavyodhani. Kule Rungwe inatoka ardhini yenyewe, na imekuwa ikivunwa kutiwa kwenye soda. Wenzetu duniani wanatafuta mabilioni ya kuizika, huku sisi tunaifukua tupate povu.

Pamoja na yote, kuna mahali ambapo siwezi kupinga, napo ni saruji. Ukichoma mawe ya chokaa, jiwe lenyewe hutoa hewa ukaa, hata kama tanuri unalipasha kwa umeme safi. Mji wa serikali pale Mtumba, reli ya kisasa, na nyumba ya bati na tofali aliyojijengea babu mwaka juzi, vyote vimekula saruji, na sioni tukirudi kwenye tembe. Kiwanda cha Brevik, Norwei, kilianza 2025 kunasa hadi tani 400,000 kwa mwaka kutoka kwenye tanuri la saruji. Hiyo ndiyo kazi yenye maana. Na swali la babu hapa lina jibu: kuna kiwanda, kuna leseni, kuna kisima chenye anwani. Gesi ikivuja, mlango wa kubisha upo, hata kama aliye ndani atachelewa kufungua.

Nije kwenye jua.

Hili la kumwaga salfa halikutungwa hewani. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha mamilioni ya tani za gesi ya salfa, na dunia ikapoa kwa takriban nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo kupoza kunawezekana, tena kwa bei ndogo: makadirio kadhaa yanataja mabilioni machache ya dola kwa mwaka. Kwangu urahisi huo ndio hatari yenyewe. Kitu cha trilioni huhitaji dunia nzima kukubaliana. Cha bilioni chache kinahitaji nchi moja yenye haraka, au tajiri mmoja. Mwaka 2022 kampuni ndogo ya Marekani ilirusha maputo yenye salfa huko Meksiko bila ruhusa ya mtu. Salfa ilikuwa kiduchu, lakini Januari 2023 serikali ya Meksiko ikatangaza kupiga marufuku. Harvard nao walitaka kujaribu vifaa vyao juu ya Kiruna, Uswidi. Wasami, wenyeji wa asili wa kule, na wanamazingira wakapinga, jaribio likasitishwa 2021, na mradi wenyewe ukafungwa 2024.

Sasa mvua. Mwaka uliofuata baada ya Pinatubo, mvua juu ya nchi kavu ilipungua duniani. Salfa hupunguza joto, lakini pia hupunguza nguvu inayovukiza maji. Na ukiimwaga zaidi upande mmoja wa ikweta, ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaoizunguka dunia karibu na ikweta, husogea kuukimbia upande uliopozwa. Wanasayansi wengi wanahusisha kwa sehemu ukame wa Saheli wa miaka ya 1970 na 1980 na moshi wa salfa wa viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini. Mvua yetu ya Dodoma, ya msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili, milimita 570 hivi kwa mwaka, inaletwa na ukanda huo huo. Poza kaskazini, unaweza kumnyima mkulima wa Mali. Poza kusini, zamu inaweza kuwa yetu. Wanaosema watamwaga sawasawa pande zote wanaahidi kwamba mataifa yenye ndege yataelewana kwa miongo mingi bila hata moja kujipendelea.

Babu alikua akisimuliwa Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920. Ukame ulikuwepo, lakini kabla yake majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Mpaka leo wazee hawakubali kuiita njaa ya mvua peke yake. Fikiria sasa msimu wa mvua haba wakati ndege zinapita. Nani atathibitisha kwamba ni salfa na si mwaka mbaya tu kama miaka mingine mibaya? Aliyemwaga atasema ni asili. Mahakama itakayosikiliza kesi hiyo haipo, wala mfuko wa fidia haupo.

Afrika haijakaa kimya. Mwaka 2023 mawaziri wa mazingira wa bara hili walitaka makubaliano ya kimataifa ya kutotumia teknolojia hii. Nairobi, Februari 2024, Uswisi ilipeleka azimio la kuunda jopo la kuchunguza suala hili kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Nchi za Afrika zikashikilia msimamo wao, na azimio likaondolewa. Wapo wenzangu wanaosema tulikosea, kwamba kukataa utafiti ni kubaki gizani wakati wengine wanaendelea. Hoja ina uzito. Ningependa vyuo vyetu vihesabu vyenyewe athari kwa ukanda mvua, kwa kompyuta, bila kurusha hata puto moja. Kutambua kinachokuja si sawa na kukiruhusu.

Yapo masharti ambayo sijaona yakiandikwa popote. Salfa hudumu mwaka mmoja au miwili tu juu kule, lakini hewa ukaa iliyo chini yake hudumu karne nyingi. Ukianza kumwaga huku moshi unaendelea, huwezi kuacha: ndege zikisimama kwa vita au kwa kukosa fedha, joto lote lililofichwa linarudi kwa miaka michache, kabla mtama, mbuzi na watu hawajajiandaa. Kwa hiyo kabla ya ndege ya kwanza, ningetaka kuona jina la atakayelipia mafuta ya ndege mwaka wa 60, na anwani ya ofisi ambako babu, au mjukuu wangu, atakwenda kubisha.