Barua ya ukumbi, mzee naomba uipitie kabla sijaiprinti

Shikamoo mzee. Nimeisoma rasimu yako ya barua kwa Mwalimu Mkuu, nimeirudia mara tatu, na kwa kweli mwandiko wako na Kiswahili chako vinanipa raha kila siku. Ila ulisema niwe huru kuigusa, kwa hiyo nimeigusa, na naona nikueleze nilichofanya na kwa nini, usije ukaikuta imefupika ukadhani nimeipunguzia heshima.

Kwanza naiweka ya kwako hapa kama ilivyo ili tuzione zote mbili pamoja.

"Kwa Mheshimiwa sana Mwalimu Mkuu,

YAH: KUWASILISHA KWAKO OMBI LETU LA UNYENYEKEVU

Ama baada ya salamu nyingi zisizo na kifani, ni matumaini yangu makubwa kuwa waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya wewe pamoja na jopo lako lote la walimu, nasi huku tu wazima, hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu. Aidha napenda kuchukua fursa hii adhimu, kwa heshima na taadhima, kukupongeza kwa kazi nzito na tukufu unayoifanya ya kuiongoza taasisi yako, kwani watoto hawa ni wetu sote. Dhumuni la waraka huu ni kuwasilisha mbele ya meza yako ombi la kamati, ambayo kwa kauli moja iliazimia kwamba, pasipo kuathiri ratiba za taasisi, na endapo busara zako zitaona inafaa, tupatiwe idhini ya kuutumia ukumbi siku ya Jumamosi tarehe 14 mwezi wa sita kwa shughuli ya kuwaelimisha wazazi. Ni imani yetu isiyotetereka kwamba ombi hili litapokelewa kwa mikono miwili.

Wako mtiifu daima,
Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi"

Mzee ombi lenyewe liko wapi hapo? Lipo, lakini Mwalimu Mkuu analifikia akiwa karibu na mwisho, na mezani kwake kuna barua nyingine zinamsubiri. Afu akishalifikia bado hajui tunaingia saa ngapi, tutakuwa wangapi, viti vitakuwa vya nani, kwa hiyo hata akitaka kutukubalia inabidi aanze kututafuta kwa simu atuulize. Mwaka jana tulipeleka barua ya namna hii sehemu nyingine, hatukujibiwa, na sisi tukaona wametudharau. Juzi nimekaa na kopi yake nikaona tarehe tuliyoiomba ilikuwa ukurasa wa pili, katikati ya aya. Inawezekana hakuna aliyeifikia.

Sasa hii ndo niliyoiandika.

"Kwa Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUTUMIA UKUMBI WA SHULE, JUMAMOSI TAREHE 14 JUNI 2025

Salaam Mwalimu. Tunatumaini wewe na walimu wenzako hamjambo.

Kamati ya Wazazi inaomba kutumia ukumbi wa shule siku ya Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana. Tunakusudia kukutana na wazazi wa darasa la kwanza tuzungumzie namna ya kuwasaidia watoto kusoma wakiwa nyumbani. Tunatarajia wazazi wapatao 60.

Tutahitaji viti 60 na meza 2. Tutavipanga wenyewe, tutasafisha ukumbi kabla ya kuondoka, na funguo tutamrudishia mlinzi siku hiyohiyo.

Tunajua ukumbi una shughuli nyingi. Kama tarehe 14 haitawezekana, Jumamosi ya tarehe 21 Juni pia inatufaa. Tungeshukuru sana kupata jibu lako kufikia Ijumaa, tarehe 6 Juni, ili tuwataarifu wazazi mapema.

Asante kwa namna unavyotupokea kila tunapofika ofisini kwako. Watoto hawa ni wetu sote, na tunafurahi kuifanya kazi hii pamoja nawe.

Kwa heshima,
Mwenyekiti, Kamati ya Wazazi"

Utaona salamu sijaitoa. Kuna mjumbe aliniambia nianze moja kwa moja na ombi, barua za sa hivi ndo zinavyoandikwa, mi nikakataa, mtu huingii kwake ukaanza kuomba bila hodi. Ila "ama baada ya salamu" nimeitoa. Najua ilikotoka, barua za wazee wetu wa pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilikuwa na mlango wake, unapanga sifa za unayemwandikia, unasalimu, ndo unasema "ama baada ya salamu" halafu unaingia kwenye neno lako. Pale ilikuwa na kazi, ilikuwa inamwambia msomaji sasa nasema nililokuja kusema. Kwenye barua yetu imekaa mwanzo kabisa kabla hata hatujasalimu, kwa hiyo kazi yake imepotea imebaki sauti tu.

YAH nimeibakiza, imezoeleka na inasaidia kwenye faili, ila mbele yake nimeweka jambo lenyewe na tarehe. Mtu akisoma mstari huo mmoja tu tayari anajua aangalie kalenda.

Sehemu iliyonisumbua ni "endapo busara zako zitaona inafaa". Nilitaka kuitunza kwa sababu ndo ilikuwa inampa nafasi ya kukataa bila kuona aibu, na hilo ni jambo zuri, sikutaka lipotee. Lakini hapo chini tena tunasema tuna imani isiyotetereka kwamba litapokelewa kwa mikono miwili, yaani tumemfungulia mlango afu tukaufunga wenyewe. Nikaona tarehe ya pili inaifanya kazi hiyo vizuri zaidi, akishindwa ya 14 anatupa ya 21 na hakuna aliyemkatalia mwenzake.

Kwenye jibu nilianza na "tunaomba utujibu kabla ya Ijumaa" nikaisoma kwa sauti ikawa kama tunamwamrisha. "Tungeshukuru kupata jibu" imelainika, na sababu iko hapohapo, wazazi wataarifiwe, asidhani tunamkimbiza bure.

"Taasisi yako" nimeirudisha kuwa shule. "Mtiifu daima" nimeitoa, samahani kwa hili najua umeitumia miaka mingi, lakini sisi sio wafanyakazi wake, tunamheshimu, basi tuandike hivyo. Na zile pongezi za kazi nzito na tukufu anaweza kuandikiwa mwalimu mkuu yeyote, nikaweka asante ya kitu ambacho yeye mwenyewe ametufanyia, anatupokea vizuri kila tukienda, hata ile siku tulienda bila kumwambia.

Watoto hawa ni wetu sote ni sentensi yako, sikuigusa hata herufi. Nimeihamishia tu mwisho kwa sababu kule juu ilikuwa imebanwa na pongezi huisikii, na ndo ninayotaka abaki nayo akiikunja barua.

Kama kuna neno unaona ni kavu niambie nilirudishe, hasa pale kwenye viti na funguo maana niliandika haraka. Ukiridhika nijibu hata kwa meseji moja, nitaiprinti kesho asubuhi nikuletee usaini, mchana niipeleke mwenyewe ofisini kwake.