Naumwa, leo siji (ripoti ya mauzo isitumwe kwanza)

Habari za asubuhi bosi,

Samahani nakuandikia mapema hivi. Leo sitaweza kuja, tumbo limenisumbua tangu saa sita usiku, natapika na kuharisha, hata maji hayakai, na nimepima homa sasa hivi ni 38.6. Nikijilazimisha kukaa kwenye kompyuta nitakosea namba tu. Saa tatu naenda kliniki, nikitoka nakwambia kama kesho nitakuwepo.

Kilichokwama ni ripoti ya mauzo ya mwezi, ile ya kutuma leo saa kumi. Jedwali limejaa ila sijalinganisha na risiti za wiki ya mwisho, na kusema kweli hiyo ilikuwa niimalize jana nikaiacha, kwa hiyo tafadhali isiende ilivyo, safu ya G bado ina namba za kukadiria. Faili liko kwenye folda yetu ya pamoja, linaitwa mauzo_rasimu2. Mwenzangu wa meza ya pili anajua risiti zilipo, nimemtumia meseji hajajibu, ukimuona naomba umkumbushe. Akishindwa, bora tuwaombe wasubiri mpaka kesho kuliko kupeleka namba mbovu.

Kikao cha saa nane na mteja kiendelee tu bila mimi, slaidi ziko tayari humo humo kwenye folda. Ankara nilishazituma zote jana, hizo usiwe na wasi.

Simu naiacha hewani ila nitakuwa nasinzia sinzia, ukiwa na haraka nipigie, meseji naweza nisiione.