Ombi la mazungumzo kuhusu zumari na goma

Langoni, Lamu

Babu, shikamoo.

Mimi ni mjukuu wa jirani yako, fundi wa majahazi. Nasoma chuoni na naandika kuhusu goma la Lamu. Juzi arusini nilikutazama: mashavu yamejaa pumzi, puani unavuta nyingine, na zumari haikatiki. Wazee wameshika bakora wakiyumba safu moja. Hilo halimo vitabuni mwangu.

Naomba nije Alhamisi baada ya Alasiri, barazani kwako, nikurekodi kwa simu kwa muda wa saa moja hivi. Ukichoka, tunaacha.

Sauti nitaitumia kwenye utafiti wangu tu. Siiuzi, wala siiweki mtandaoni mpaka nije nikuombe tena. Nakala ni yako. Jina lako nitalitaja ukipenda. Lisilokupendeza nitalifuta, hata baada ya kurekodi, kabla sijakabidhi kazi mwezi wa Disemba. Sahihi si lazima: useme ridhaa yako mbele ya mwanao, nami nitairekodi.

Ukikataa, sitaudhika. Kahawa nitaleta vilevile.

Mjukuu wako