Slaidi za wiki ya 7: kumbukumbu pepe na kurasa, kwa mfano wa meza na kabati la mafaili

Kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, somo la Mifumo Endeshi.

Someni maelezo haya huku mmefungua slaidi pembeni. Majibu ya jaribio fupi yanaonyesha kuwa wengi mmebaki na sentensi moja: "kumbukumbu pepe ni kutumia diski kama RAM ya ziada." Sentensi hiyo haitoshi. Diski ni sehemu ndogo ya habari hii. Kiini chake ni jedwali. Mashine isiyo na `swap` kabisa bado inatumia kumbukumbu pepe kila sekunde.

Slaidi ya 2 na ya 3: nani ni nani ofisini

Chukueni ofisi yenye meza moja na kabati moja kubwa la mafaili. Afisa anayesoma na kuandika ni prosesa. Meza ni RAM: ni ndogo, lakini kila kilicho juu yake kinafikiwa papo hapo. Kabati ni diski: linameza kila kitu, ila kulifungua ni kazi. Jalada moja ni programu moja pamoja na data zake, na kila jalada lina karatasi zenye namba kuanzia 0. Hizo karatasi ndizo kurasa. Meza nayo imechorwa visanduku, kila kimoja kikitosha karatasi moja kamili. Hivyo ni fremu. Karani anayehamisha karatasi ni kerneli.

Kwa nini visanduku vilingane? Kama kila jalada lingedai nafasi ya ukubwa wake, baada ya saa moja meza ingejaa mapengo: huku sentimita tano, kule nane, na hakuna pengo linalotosha jalada jipya ingawa ukijumlisha mapengo yote nafasi ipo. Visanduku vinavyolingana vinaondoa tatizo hilo, kwa sababu karatasi yoyote inakaa kwenye kisanduku chochote. Gharama yake ni kwamba karatasi ya mwisho ya jalada mara nyingi haijai. Kwa ukurasa wa baiti 4,096, programu ya baiti 10,000 inachukua kurasa 3, na baiti 2,288 zinapotea.

Wazo hili si jipya. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilikuwa na kurasa tayari mwaka 1962, na kabati lake lilikuwa ngoma ya sumaku.

Slaidi ya 4 hadi ya 6: rejesta

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Afisa hasemi kamwe "nipe karatasi iliyo kwenye kisanduku cha 9". Husema "jalada hili, karatasi ya 3, mstari fulani". Karani ana rejesta moja kwa kila jalada, na ndani yake kila karatasi ina mstari wake: iko kisanduku gani, au iko kabatini. Rejesta hiyo ndiyo jedwali la kurasa. Majalada mawili yanaweza yote kuwa na karatasi ya 3 bila kugongana, kwa kuwa kila jalada lina rejesta yake. Ndivyo programu moja inavyozuiwa kusoma data za nyingine: haina hata namna ya kuitaja fremu ya mwenzake.

Sasa namba. Ukurasa wa baiti 4,096 unahitaji biti 12 za ofseti, kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 12 ni 4,096. Biti 12 ni tarakimu tatu za heksadesimali, kwa hiyo kugawa anwani ni kukata tarakimu tatu za mwisho:

```
anwani pepe     0x3A7C
namba ya ukurasa  0x3
ofseti            0xA7C   (2684)
jedwali:  ukurasa 3 -> fremu 9
anwani halisi   0x9A7C
```

Ofseti haibadiliki. Mstari wa 20 wa karatasi unabaki mstari wa 20 popote karatasi itakapowekwa. Anayebadilisha ofseti kwenye mtihani anapoteza alama zote za swali, maana ameonyesha hajaelewa kinachotafsiriwa ni nini.

Slaidi ya 6 inauliza ukubwa wa rejesta yenyewe. Anwani ya biti 32 ikitoa 12 za ofseti inabakiza 20, yaani mistari 1,048,576. Kila mstari ukiwa baiti 4, jedwali ni MB 4 kwa kila programu. Rejesta inaanza kula meza. Dawa ni kuigawa ngazi mbili, biti 10 na 10: ukurasa mmoja wa fahirisi, kisha majedwali madogo ya KB 4 kwa maeneo yanayotumika tu. Programu inayogusa maeneo matatu yaliyoachana, kila moja likitosha ndani ya jedwali dogo moja, inahitaji fahirisi 1 na majedwali 3: KB 16 badala ya MB 4. Kwenye x86-64 yenye anwani pepe za biti 48, ngazi ni nne za biti 9, na biti 12 za ofseti.

Ngazi nne ni safari nne kwenye RAM kabla ya kufikia data yenyewe. Ndiyo maana afisa anabandika kikaratasi mbele yake chenye mistari michache aliyoiulizia karibuni. Hicho ndicho TLB. Akibadilisha jalada, kikaratasi hakimfai tena: ama kifutwe, ama kila mstari uwe na alama ya jalada lake.

Slaidi ya 7: karatasi isipokuwepo mezani

Ukosefu wa ukurasa si ajali, ni kazi ya kawaida ya karani. Mpangilio ni huu, na tunaudai kwa mfuatano:

1. Prosesa haipati mstari kwenye TLB, inasoma jedwali, inakuta biti ya kuwepo ni 0, inaikatiza programu na kuita kerneli.
2. Kerneli inaangalia kama anwani ni halali. Karatasi ambayo jalada halijawahi kuwa nayo haitafutwi kabatini. Programu inapokea `SIGSEGV`.
3. Inatafuta fremu tupu. Isipokuwepo, inachagua ukurasa wa kuondoa.
4. Ukurasa huo ukiwa umeandikwa juu yake, biti ya uchafu ni 1, na lazima urudishwe diskini kwanza. Ukiwa safi unaachwa tu, kwa sababu nakala yake ipo kabatini.
5. Mstari wa ukurasa ulioondolewa unafutwa kwenye jedwali na kwenye TLB.
6. Ukurasa unaotakiwa unasomwa kutoka diskini. Wakati huo prosesa inaendesha programu nyingine.
7. Jedwali linasahihishwa, na amri *ileile* iliyokatizwa inaendeshwa upya.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kusahau hatua ya 5: rejesta inaendelea kusema karatasi ya zamani iko kisanduku cha 9, na afisa anaandika juu ya karatasi ya mtu mwingine. La pili ni kuandika "programu inaendelea na amri inayofuata". Amri ya kwanza haikukamilika. Ukiiruka, matokeo yake hayapo popote.

Kuna pia ukosefu usiogusa diski, mfano ukurasa mpya wa sufuri, au maktaba ambayo programu nyingine imeshaileta mezani. Huo ni mwepesi sana ukilinganisha na ule wa diski.

Mahali mfano wetu unapodanganya ni kwenye muda. Kutoka mezani hadi kabatini ni hatua chache. Kutoka RAM hadi diski ya sahani ni mbali mno. Chukueni RAM nanosekunde 100 na diski milisekunde 8, ukosefu mmoja kwa kila maombi 1,000:

```
0.999 * 100 + 0.001 * 8000000 = 8099.9 ns
```

Mara 81 zaidi, kwa ukosefu wa 0.1% tu. Kwa SSD ya mikrosekunde 100, jibu ni takriban nanosekunde 200, yaani mara mbili.

Slaidi ya 8: nani aondoke

FIFO inaondoa karatasi iliyokaa mezani muda mrefu kuliko zote, hata kama afisa ameishika dakika hii. Mwaka 1969 Bélády na wenzake walionyesha ajabu yake: meza kubwa zaidi inaweza kuleta safari nyingi zaidi za kabatini. Fuateni kwa kalamu mfuatano huu wa kurasa, mkihesabu ukosefu:

```
1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5

        fremu 3   fremu 4
FIFO       9        10
LRU       10         8
```

LRU inaondoa ile ambayo haijaguswa kwa muda mrefu zaidi, na haipati ajabu hiyo. Lakini angalieni safu ya fremu 3: hapo FIFO imeishinda LRU. Kwa hiyo "LRU ni bora daima" si jibu. Isitoshe, LRU kamili ingemlazimu karani aandike muda kila karatasi inapoguswa, gharama ambayo hakuna anayekubali kuilipa. Mifumo halisi hukadiria kwa biti ya kuguswa, kama algorithimu ya saa inavyofanya.

Slaidi ya 9: meza inapozidiwa

Kila jalada lina karatasi linazohitaji kwa pamoja katika kipindi fulani; Denning aliziita seti ya kazi mwaka 1968. Jumla ya seti hizo ikizidi visanduku, kila karatasi inayoletwa inaifukuza nyingine itakayotakiwa punde. Karani anakimbia, afisa amekaa. Mpangaji wa kazi akiona prosesa imelala na kuongeza programu nyingine, hali inazidi kuharibika. Kuongeza `swap` ni kununua kabati kubwa, na kabati halikuwa tatizo. Punguza programu au ongeza RAM.

Au rekebisha programu yenyewe. Matriki ya `int a[1024][1024]`, kwa `int` ya baiti 4, ina safu mlalo za baiti 4,096: safu moja, ukurasa mmoja.

```c
for (j = 0; j < 1024; j++)
    for (i = 0; i < 1024; i++)
        a[i][j] = 0;
```

Kila hatua inaruka ukurasa mzima. Matriki ikipewa fremu 1,000 chini ya LRU, ukosefu ni 1,048,576. Badilisha mpangilio wa `for` mbili, ukosefu unakuwa 1,024.

Kabla ya semina ya Alhamisi, endesheni hizi kwenye mashine za maabara:

```
getconf PAGESIZE
grep -E 'VmSize|VmRSS' /proc/self/status
vmstat 1
```

`VmSize` ni jalada zima kama rejesta inavyolijua. `VmRSS` ni karatasi zilizo mezani. Kwenye `vmstat`, safu za `si` na `so` zikibaki juu ya sufuri kwa muda huku `wa` ikipanda, mko kwenye slaidi ya 9. Njooni na hesabu ya FIFO na LRU iliyoandikwa hatua kwa hatua. Jibu la mwisho peke yake halitasahihishwa.