Naomba niwekwe kwenye listi yenu ya mafundi, hata kama sasa hivi hamna nafasi

Habari za kazi dada Neema, ni Yusufu fundi majokofu, yule niliyepiga simu Jumanne kuulizia kazi hapo kwenye pakihausi yenu ya parachichi Makambako, ukaniambia mafundi mmeshajaa na iliyobaki ni ya msimamizi wa zamu anayetakiwa awe na digrii. Digrii sina, na sitaki nikupotezee muda kuomba kitu ambacho si saizi yangu. Ila kabla hatujakata simu ulisema huwa mnakaa na listi ya watu mnaowapigia nafasi ikitokea, basi ndo hiyo naomba uniingize.

Kwa kifupi mimi nimesoma VETA Chang'ombe, majokofu na viyoyozi, nimemaliza Level III. Nikafanya miaka 4 karakana moja Kariakoo, mabucha na maduka makubwa, halafu miaka 2 sasa niko kwenye stoo ya samaki huku Dar, vyumba vya baridi vitatu, viwili vinakaa -18 na kimoja cha samaki wabichi kinachezea kwenye 0. Najua parachichi si samaki, Hass inataka nyuzi 5 au 6 hivi, ukizidisha baridi ganda linatoka madoa meusi na ndani inakuwa ya kahawia, mteja anakuja kuliona kontena likishafika kwake. Kwa hiyo nikisema najua baridi simaanishi kugandisha tu.

Niseme na kitu kimoja ambacho kwenye sivii hakionekani. Mwaka jana chumba kimoja kilikuwa kinapanda joto kila usiku, evaporeta inajaa barafu mpaka feni haisukumi hewa, wakaja mafundi wawili kwa nyakati tofauti, wote wakaongeza gesi, R404A, na gesi yenyewe si ya bei ya nyanya. Mi nikakaa na chumba usiku mzima, kumbe mpira wa mlango umechanika chini kule ambako watu hawainami, hewa ya unyevu inaingia vibarua wakiwa wanapakia, halafu na hita ya kuyeyusha barafu imeungua upande mmoja. Tulibadilisha mpira na hita, gesi tukaitoa ile iliyozidi, na mpaka leo kile chumba hakijanisumbua. Namwambia kila dogo ninayemfundisha, kabla hujashika geji kagua mlango kwanza, wananicheka lakini wanafanya.

Sasa kwenye hiyo listi naomba usiniandike "kazi yoyote" maana najua huwa inaishia kutopigiwa kabisa. Niandike fundi wa vyumba vya baridi na makontena ya baridi, mkataba au msimu vyote sawa. Jenereta naweza kuiwasha na kuihamishia mzigo umeme ukikatika, ila kuifungua injini hapana, hilo nisikudanganye. Mkiwa na mitambo ya amonia pia bado sijaishika, ningehitaji wa kunielekeza kwanza.

Kuhamia Makambako kwangu si tatizo, mke wangu kwao ni Njombe na baridi ya huko ananitisha nayo kila siku 😅. Kwa ajira ya kudumu nitahitaji siku 28 za notisi nilipo. Ila kama ni dharura katikati ya msimu, mtambo umelala na mzigo uko ndani, nipigie tu, naweza kuomba ruhusa ya siku 2 au 3 nikapanda basi la asubuhi.

Nimekutumia sivii kurasa 2 na picha ya cheti hapo chini. Bosi wangu wa zamani wa karakana amekubali apigiwe, namba yake imo. Kuhusu sheria ile ya taarifa binafsi ya 2022, mimi ruhusa nimetoa, kaeni na taarifa zangu kwa ajili ya ajira mpaka mwisho wa msimu ujao, nikipata kazi kwingine nitakuambia mwenyewe mnifute, msije mkahangaika kunitafuta bure. Ila cheti changu kisizunguke kwenye magrupu tafadhali.

Naomba tu unijibu kama umeniingiza, na kama kuna fomu ya kujaza nitumie, na uniambie pia kama ni vizuri nikukumbushe kila baada ya miezi mitatu au mtaona ni usumbufu. Wasap ni hii hii, mchana nikiwa ndani ya chumba cha baridi simu huwa haishiki, ukinikosa tuma meseji ntapiga nikitoka.

Asante sana dada, na pole na majukumu.

Yusufu, Mbagala