Kwa Neema, kuhusu harusi yako ya Jumamosi

Mdogo wangu Neema,

Hongera sana, na pole kwa pilikapilika za maandalizi. Kadi yako Mama Irene aliniletea mezani siku ileile uliyomwachia. Nimefurahi kama vile anaolewa mdogo wangu wa tumbo moja.

Jumamosi sitakuwepo, Neema. Nimeona nikwambie mwenyewe, na mapema, usije ukasikia kwa watu. Alhamisi ya wiki hiyo mama yangu anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho pale KCMC. Tarehe hiyo tumeisubiri sana, na sikuthubutu kuomba isogezwe. Ijumaa wakishamfungua bandeji nampeleka nyumbani Marangu. Kuna dawa ya matone ya kumwekea kila baada ya saa kadhaa, haruhusiwi kuinama wala kubeba mzigo, na moshi wa kuni ndio kabisa asiusogelee. Wewe unawajua mama zetu wa huku: ukigeuka kidogo tu, yuko kwenye migomba anawakatia ng'ombe majani. Pale nyumbani hakuna mwingine wa kumsimamia, ndugu zangu wote wako mbali. Ingekuwa kazi ya kuachiwa jirani, ningekuwa kwenye kiti cha mbele ukumbini.

Mchango wangu wa shilingi 50,000 nimemtumia mweka hazina wa kamati leo asubuhi. Jina litakalotokea ni la Baba Junior, maana laini ilisajiliwa kwake, kwa hiyo mwambie aandike Ndeshi wa ofisini. Ni kidogo, nakuomba ukipokee kwa upendo.

Kadi yangu ilikuwa ya watu wawili. Nimemrudishia Mama Irene, ili nafasi hizo wapewe wengine kabla kamati haijampa mpishi idadi. Kama hujampangia mtu, mfikirie Dada Halima wa usafi na mume wake. Anakupenda mno, na nadhani anaona haya kuuliza. Uamuzi ni wako na wazazi.

Sare nimeshashona, imetoka vizuri! Mkishatulia nitakuja nayo kwenu Sakina kuwasalimia, na ndizi mshare za mama.

Muda wote tuliokaa meza jirani nimekuona unavyompokea mteja aliyekuja amefura, unamsikiliza mpaka mwisho, na anaondoka ameshukuru. Roho hiyo ingia nayo nyumbani kwako. Na Shemeji Godlisten mwambie dada yako anamwomba akusikilize hivyohivyo siku utakayorudi umechoka. Mungu awape amani ndani ya nyumba, riziki ya kuwatosha na ya kumgawia mgeni, watoto kwa wakati wake, na mzeeke mkiwa bado mnacheka pamoja. Mama naye ameniambia nikupe baraka zake, amekutaja kwa jina kwenye sala ya jioni.

Wasalimie sana wazazi.

Dada yako,
Ndeshi